Safu ya Mhusika

Mhariri wa kampuni ile ya magodoro alikuwa mtu wa sentensi ndefu, na wala hakuona haya. Wenzake wakiandika "godoro jipya limefika", yeye aliandika jinsi mgongo wa mteja ulivyolalamika, jinsi shingo ilivyokaza, na mwisho kabisa, msomaji akiwa amechoka kiasi cha kulala hata sakafuni, ndipo godoro lilipoingia. Na watu walimsoma. Hilo lisemwe mapema, maana mengi yanayofuata hayampambi.

Kila mwezi ulipokaribia kuisha, ilikuwa kazi yake kuandika mpango wa mwezi unaofuata: makala zipi zitatoka kwenye tovuti, picha zipi zitawekwa Facebook, tangazo gani litasomwa redioni, ujumbe gani utatumwa kwenye simu za wateja. Mtu mwingine angeandika orodha akaenda kula. Mhariri aliandika kurasa tatu za hadithi, kisha akasimama mbele ya wenzake akazisoma kwa sauti, mkono mmoja mfukoni. "Mwezi utafunguka kwa mgongo," alisoma safari moja, "kisha polepole tutamshusha msomaji kwenye usingizi wa watoto, na kabla hajapoa tutamgonga na ofa." Walipiga makofi. Walikuwa hawana la kufanya.

Ulimi wake ulikuwa mkali. Binti wa Mitandao, msichana wa mkataba wa muda aliyekuwa akipakia picha na kujibu maoni ya wateja, aliwahi kuandika maneno ya chini ya picha kwa haraka, yakatoka yamepinda. Mhariri aliyasoma mbele ya idara nzima kwa sauti ya mtoto wa chekechea, kosa baada ya kosa, mpaka Mpiga Picha akafuta machozi ya kucheka. Binti naye alicheka, kwa sababu ukiwa na mkataba wa muda unacheka. Mhariri aliita hiyo kufundisha. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Zamu ya binadamu ilikuwa bado.

Kisha figo zikamgeuka. Zilianza kwa miguu kuvimba, yeye akisema ni viatu, zikaishia kwenye kiti cha hospitali, kando ya mashine ya kusafisha damu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, asubuhi mpaka alasiri. Mkono wenye sindano hautakiwi kutikisika, kwa hiyo hata simu aliishika kwa shida. Mashine ile ililipiwa na kadi ya bima ya kampuni, na kadi ilikuwa hai maadamu mwenyewe alikuwa mwajiriwa. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na ulikuwa karibu kuisha.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa haiachi kadi ile hata akienda dukani. "Bila hii hatuna mashine hata ya wiki moja, Baba Pacha," alimwambia. "Sina cha kuuza zaidi ya makochi, na makochi yenyewe unayaona."

"Nani atanifukuza?" Mhariri alijibu. "Wataandikiwa na nani?"

Meneja wa zamani angemwelewa, lakini meneja wa zamani alikuwa amekwenda zake, na aliyekuja badala yake alikuwa mwanamke mtulivu, mwembamba, asiyepandisha sauti na asiyesahau kitu. Mwezi wake wa kwanza ulikuwa wa aibu. Ujumbe wa ofa ulitumwa kwa wateja mara mbili siku moja, na Binti na Mpiga Picha, kila mmoja akidhani ni kazi yake. Tangazo la redio halikutumwa kabisa. Simulizi ya mteja, ile ya mwalimu mstaafu aliyepona mgongo, ilibaki kwenye kompyuta mpaka mwezi ukaisha.

Meneja aliitisha kikao, akafungua ule mpango wa kurasa tatu, akasoma kwa utulivu: "'Katikati ya mwezi tutapeleka tangazo redioni, na wakati huohuo ofa itatumwa.'" Akainua macho. "Hawa 'sisi' ni kina nani? Nawatafuta niwape barua ya onyo."

Hakuna aliyecheka. 

"Na 'itatumwa' itatumwa na nani? Na katikati ya mwezi ni tarehe ngapi?" Meneja alichukua kalamu akachora ubaoni safu nne: tarehe, mada, njia, mhusika. "Mpango wa mwezi ujao nautaka hivi. Kitu kimoja kinachotoka, mstari mmoja. Mada moja ikitoka Facebook na redioni, hiyo ni mistari miwili. Na kila mstari uwe na jina moja tu. Ukiniwekea majina mawili, umeniwekea sifuri."

"Mhusika ndiye aliyeandika?" Binti aliuliza.

"Hapana. Mhusika ni yule ambaye kitu kisipotoka siku ile, nampigia simu na anapokea, kompyuta iko mbele yake, anakitoa. Si mwenye wazo, si aliyepiga picha, si aliyeandika."

Mpiga Picha, mtu mpole asiyejua kunyamaza, akasema, "Sasa mwandishi tumweke wapi, Bosi? Tungeongeza safu yake."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Meneja alikuwa ameshika kalamu, tayari kuchora safu ya tano. Alimgeukia Mhariri kabisa, kumwuliza kwa macho. Na Mhariri, ambaye alikuwa ameumizwa na ile habari ya "sisi", akaona pa kujirudishia heshima. Akaegemea kiti, akatabasamu.

"Mwandishi hahitaji kisanduku," alisema. "Mwandishi anaonekana."

"Vizuri," Meneja alisema, akafunika kalamu. "Jedwali hili utalitengeneza wewe mwenyewe, Mhariri, maana mpango ni wako. Nataka nilione kabla sijakaa na habari za mikataba. Litanisaidia kujua nani anafanya nini."

Mtu mwenye akili timamu angelisikia neno hilo la mwisho akaona baridi. Mhariri alilisikia akafurahi. Alienda nyumbani akamwambia mkewe kwamba hatimaye mwanamke yule ataona kwa macho yake nani uti wa mgongo wa idara.

Alikaa mezani siku isiyo ya mashine, kurasa tatu za mpango wa mwezi ujao kushoto, kompyuta kulia, akaanza kuzivunja sentensi zake. Alianza kwa kuzidharau zile safu nne, na kabla ya chakula cha mchana zilikuwa zimemnasa, kwa kuwa alikuwa fundi, na fundi akipewa kazi ngumu husahau aliyempa. Alipitia sentensi moja moja akitafuta kitendo: palipokuwa na kitu kinachotoka kwenda kwa watu, hapo pana mstari. Sentensi moja kuhusu usingizi wa watoto ilizaa mistari mitatu, wa tovuti, wa Facebook na wa redio. Sentensi nyingine, aliyoipenda kuliko zote, ya usiku unaomvua mtu koti la mchana, haikuzaa hata mmoja. Aliisoma tena na tena. Haikuwa na mada, wala njia, wala mtu. Ilikuwa na utamu tu. Akaiacha ilipo.

Jedwali lilimfichulia mambo ambayo hadithi ilikuwa imeyafunika. Makala ya kusafisha godoro ilikuwa itoke kabla ya siku ya kupigwa picha zake. Akaisogeza mbele wiki nzima. Ijumaa ya pili ilikuwa na vitu viwili vinavyogombea Facebook saa ileile, akakihamisha kimoja. "Mwishoni mwa mwezi" ikabidi iwe tarehe, na alipofungua kalenda akakuta tarehe hiyo ni Jumapili na redio haipokei matangazo Jumapili. Akasogeza. Akapiga mluzi kidogo. Mama Pacha alimchungulia kutoka jikoni akashukuru Mungu, maana muda mrefu hakumsikia akipiga mluzi.

Kisha akafika safu ya mhusika.

Makala za tovuti zilitoka Jumatatu na Jumatano. Yeye ndiye aliyepanga hivyo miaka mingi nyuma, baada ya kuchunguza ni siku gani wasomaji wanafungua zaidi. Ofa na simulizi za wateja zilitoka Ijumaa. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Alitazama kalenda ya kampuni, akatazama mkono wake wenye makovu ya sindano, akaelewa kwamba kalenda mbili zimelaliana sawasawa kama shuka na godoro.

Akampigia Binti. "Hii makala ya Jumatatu, niweke nani?"

"Mzee, si utakuwa kwenye mashine? Wateja wakiuliza kwenye maoni nani atajibu? Niweke mimi tu, nitakubebea."

"Na ya Jumatano?"

"Niweke tu, Mzee. Usijali."

Alishukuru. Alimwambia yeye ni mwanawe. Akaandika Binti, Binti, Binti, mstari kwa mstari, na redio na ujumbe wa simu akampa Mpiga Picha, kwa kuwa ndiye mwenye akaunti hizo. Kila alipoandika aliona anatua mzigo, hakuona kwamba anampa mtu auchukue aende nao.

Mama Pacha alikuja nyuma yake na kitambaa cha vyombo begani, akasoma ile safu kutoka juu hadi chini. Hakuwa mtu wa masoko. Alikuwa mtu wa kusoma.

"Wewe uko wapi humu?"

"Mimi niko kote. Nimeziandika zote, ziko tayari, nimeziambatisha."

"Nimekuuliza jina. Hamisha hizi makala ziwe Jumanne na Alhamisi, ujiandike."

"Jumanne hawasomi. Na siku inayofuata mashine unaniona mwenyewe nilivyo hoi."

"Basi jiandike hivyohivyo, nani atakuja hospitali kukuchungulia?"

"Nidanganye kwenye jedwali?" Alimwangalia kana kwamba amemwambia aibe. "Kanuni ni aliyepo siku ile. Nimewacheka watu maisha yangu yote kwa mambo kama haya, Mama Pacha."

Hata hivyo maneno yale yalimwingia. Alipoachwa peke yake aliongeza mstari chini kabisa: kupitia na kusahihisha maandishi yote, mhusika Mhariri. Tarehe ikawa tupu, kwa sababu ni kila siku. Njia ikawa tupu, kwa sababu usahihishaji hautoki popote. Hakuna mteja aliyewahi kufungua simu akakuta usahihishaji. Mstari ule ulikaa pale chini na mapengo yake, na yeye, aliyemchapa Binti kwa herufi moja, hakuweza kuuvumilia. Akaufuta. Alibakiza mstari mmoja wenye jina lake, Jumanne ya wiki ya tatu, makala ndogo ya tovuti kuhusu mtu mgonjwa alalie upande gani. Akalituma jedwali akiwa na kiburi kitupu. Lilikuwa zuri mno.

Kikao kilikuwa Alhamisi. Meneja aliliangaza ukutani kwa projekta, akalipitia lote mpaka mstari wa mwisho, na aliposema alisema kweli: "Sijawahi kuona jedwali safi kama hili. Hakuna tarehe inayogongana, hakuna mstari usio na mtu. Hongera sana, Mhariri."

Mhariri aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayevishwa shada.

"Sasa tuone kila mmoja ana nini." Meneja alibonyeza alama ya kuchuja juu ya safu ya mhusika, ile inayobakiza mistari ya mtu mmoja tu, akachagua jina la Binti. Ukuta ulijaa. Akachagua Mpiga Picha. Mistari ikapungua, lakini ilikuwepo ya kutosha mtu kuitwa mfanyakazi. Akachagua Mhariri.

Ukuta ukawa mweupe. Mstari mmoja ulibaki juu, mdogo, na chini yake weupe mtupu mpaka sakafuni. Mtu wa stoo aliyekuwa ameingia kuchukua ufunguo akacheka puani, akatoka.

"Mmoja," Meneja alisema.

"Zote nimeziandika mimi." Sauti ilimtoka nyembamba, akakohoa airekebishe. "Kila kilichomo humo ni cha kwangu."

"Sikatai. Lakini humu hakionekani."

"Hakuna safu yake."

"Nilikuwa na kalamu mkononi. Ulisema mwandishi hahitaji kisanduku." Hakusema kwa kukomoa, na hilo ndilo lililouma. "Mhariri, mimi nikipeleka majina ya watu kwa wakubwa napeleka jedwali, sipeleki hadithi. Nikiulizwa mwezi ujao nani akikosekana kazi inasimama, nitaonyesha hiki ulichokijaza mwenyewe."

Mhariri alimgeukia Binti. Hakuomba kwa maneno; hakuwahi kujifunza kuomba. Alimtazama tu, akisubiri aseme lile moja: kwamba makala zile si za kuokota, kwamba yeye Binti anazipakia tu.

Meneja naye alikuwa akimtazama. "Binti, ukiachiwa kalamu, utaweza?"

Binti alichelewa kujibu, lakini hakuchelewa sana. Mkataba wake wa muda nao ulikuwa mezani, na nyumbani kwao mwenye kazi ni yeye. Anayetaka kumlaumu amlaumu; mimi namlaumu. "Mwezi huu wote umeshaandikwa, Bosi," alisema. "Zimeambatishwa. Na za mbele nitafuata mfano wake. Mzee amenifundisha vizuri."

Mpiga Picha aliangalia viatu vyake.

"Na huu wa Jumanne?"

"Naweza pia."

"Basi ubadilishe, tusibakishe kiporo."

Jedwali lilikuwa wazi kwenye kompyuta ya Binti vilevile. Alivuta kiti, akabonyeza kisanduku, na ukutani, kwa herufi kubwa kuliko kichwa cha mtu, jina la Mhariri likaanza kuliwa kutoka mwisho, herufi moja moja, kwa kuwa alikuwa anafuta taratibu kwa adabu. Kisha likaandikwa lake. Hakukosea hata herufi. Meneja akachuja tena jina la Mhariri ili kuhakikisha, na kompyuta haikuwa na jina hilo la kuchagua.

Baada ya kikao Meneja alimwita ofisini kwake, akamvutia kiti mwenyewe. Mkataba hautaendelea, alisema. Nafasi imeonekana haina majukumu ya kila siku. Anasikitika kuhusu afya. Kadi itafanya kazi mpaka siku ya mwisho ya mwezi, hilo amehakikisha. "Na nina ombi, Mzee wangu. Umelipanga hili vizuri kuliko mtu yeyote hapa. Ungetupangia na miezi miwili inayofuata kabla hujakabidhi? Uiandike tu unavyoandika, kisha uigeuze."

Mtu mwingine angempindulia meza. Mhariri alitaka. Lakini alikuwa na siku za mashine zilizobaki mwezi ule, na aliogopa mwanamke huyu anayetabasamu asije akapiga simu moja kwa watu wa bima. Akasema, "Sawa, Bosi." Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita mtu yeyote Bosi.

Nyumbani alimwambia mkewe chakula kilipokwisha. Mama Pacha hakupiga kelele. Alitoa kadi kwenye mkoba, akaigeuza akasoma maandishi madogo ya nyuma kana kwamba huenda yapo maneno ambayo hawakuyaona, akairudisha. Kisha alikwenda kusimama katikati ya sebule, akayatazama makochi.

Mhariri alifungua kompyuta. Aliandika mada, akaandika njia, akaandika mhusika. Hakuandika sentensi kwanza safari hii. Alienda moja kwa moja kwenye visanduku, na kazi ilikwenda haraka, na uchungu ni kwamba ilikwenda vizuri.

"Baba Pacha," mkewe alisema bila kugeuka. "Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao kuna nini?"

Alipandisha jedwali mpaka juu, akaweka kidole kwenye kioo ili asikosee mstari. "Jumatatu," alisoma, "mada ni mgongo na godoro gumu. Njia ni tovuti. Mhusika ni Binti."

"Nakuuliza wewe," Mama Pacha alisema. "Wewe siku hiyo utakuwa wapi?"

Kidole kilibaki palepale. Aliusoma mstari ule upya, tarehe, mada, njia, mhusika, akashuka wa pili, akashuka wa tatu, akaendelea kushuka mpaka mwezi ukaisha, na mkewe alikuwa bado amesimama akingoja jibu.